"Namba 47, dirisha la 6": kwa nini picha ya ukumbi mtupu inachekesha na kusisimua mwili kwa wakati mmoja?

#1 Mtu_wa_Mwaloni

Wakuu, salaam.

Picha ya kwanza hapo chini ni ukumbi wa kukatia tiketi kando ya ziwa, hapa hapa Mwanza, hautumiki tena. Wapi hasa sitaji, mlinzi aliyefungua mlango anahitaji kazi yake. Kwa ambao bando haliruhusu kuifungua: mabenchi ya chuma ya watu watatu watatu yametazama ukuta wa madirisha ya tiketi. Ukuta umepakwa rangi ya mafuta ya bluu hadi usawa wa kifua, juu yake nyeupe. Tyubulaiti zote zinawaka. Hakuna mtu, hakuna begi, hata ganda la karanga hakuna. Madirisha yako matano. Chini ya picha nikaandika: Namba 47, dirisha la 6.

Nimeituma kwenye makundi mawili. Watu wanacheka, halafu mtu huyo huyo anaandika "futa hii kitu".

Picha ya pili ni korido ya lojing, usiku, nimeandika: "Ukisikia hatua nyuma yako usigeuke, damu itamwagika." Hii haikumtisha mtu wala kumchekesha.

Maswali mawili: ya kwanza inafanya kazi kwa nini pande zote mbili, na ya pili imeferi wapi? Wenye kuzijua hizi picha za sehemu tupu, karibuni.

#2 dagaa_kauzu

Mimi nataka kujua namba 46 alihudumiwa au bado yuko ndani.

#3 Kichwa_Ngumu_Igoma

Hizi zimeanza na yule kijana wa Marekani mwaka 2022, mwenye video za Backrooms, vile vyumba vya njano vitupu visivyo na mwisho. Ile picha ya vyumba vya njano aliichora kwa kompyuta, ndiyo maana inatisha, jicho linagundua kwamba si chumba cha kweli. Yako ni ya kweli, kwa hiyo haiwezi kutisha kama ile. Jibu ndilo hilo, tufunge uzi.

#4 Sanduku_la_Picha

Mkuu #3, umepata nusu. Kijana ni Kane Parsons, na video yake ya kwanza ilitoka kweli Januari 2022. Alichokiunda kwa Blender, programu ya kuchora ya kompyuta, ni vyumba vya ndani ya video. Picha ya njano ilimtangulia kwa miaka mingi na ni ya kamera, chumba cha kweli kabisa.

Ilipigwa tarehe 12 Juni 2002 mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin, Marekani. Jengo lilikuwa duka la samani, likawa linakarabatiwa liwe duka la vitu vya kuchezea, vile vigari vya rimoti na mengineyo. Mtu alipiga picha za ukarabati kama unavyompigia mwenye nyumba picha za ujenzi kumwonyesha fundi kafika wapi, zikawekwa kwenye tovuti ya duka, zikasahaulika. Tarehe 12 Mei 2019, kwenye jukwaa la 4chan, mtu aliomba picha za sehemu ambazo "haziko sawa", hii ikawekwa, na mwingine asiyejulikana jina akaandika maneno ya chini yake. Jengo lenyewe halikutambuliwa mpaka 2024, watu walipolifukua kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao.

Sasa sikiliza yale maneno, maana ndiyo yanayohusu swali la mleta uzi. Anasema ukiteleza nje ya dunia mahali pasipofaa utaangukia huko. Neno alilotumia ni `noclip`, amri ambayo wachezaji wa gemu la Quake waliandika tangu 1996 ili wapite ndani ya kuta. Halafu anakupa harufu ya zulia kuukuu lenye unyevu, na mvumo wa taa uliofika kilele. Harufu na sauti, vitu viwili ambavyo picha haina! Kisha anakupa eneo: takriban maili za mraba milioni 600. Hilo "takriban" ndilo linalochekesha, kama vile kuna afisa ardhi aliyekwenda kupima, akarudi na ripoti.

Mstari wako una afisa wa namna hiyo hiyo. Mtu ameshika daftari, anaita namba. Hatumwoni, na hana habari kwamba hakuna watu.

#5 Fundi_Choki

Habari zenu. Nimeikuza picha. Taa ya pili kutoka kushoto ina weusi ncha zote mbili, hiyo tyubu imekwisha, na stata ikiendelea kuipiga itakufa nayo. Mvumo mnaousema hautoki kwenye tyubu, ni choki. Ndani yake kuna bati nyembamba zimepangwa, gundi ikikauka zinalegea na kutetema. Umeme wetu ni hezi 50, sumaku inavuta mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo mvumo ni wa mara 100 kwa sekunde. Hao Wamarekani ni 60, wao wanasikia 120, sauti nyembamba kidogo.

Dawa: zima swichi kuu, kaza skrubu za choki kwenye bodi. Ikiendelea, weka tyubu za LED, toa stata na uweke ile inayokuja na tyubu yenyewe ndani ya boksi.

Halafu aliyevuta waya hapo alifanya hesabu gani? Madirisha matano, taa sita.

#6 dagaa_kauzu

Fundi, watu wanauliza habari za mizimu wewe unaleta stata 😂

#7 Mtu_wa_Mwaloni

Subirini kwanza. Fundi yuko sahihi. Nimeirudia picha kubwa. Juu ya kila dirisha kuna taa moja, zimepishana kwa nafasi sawa, na ya sita iko kulia juu ya ukuta mtupu. Chini yake rangi ya bluu imekolea kidogo kuliko kwingine na plasta ni laini zaidi. Na sakafu, ile ya saruji nyekundu, imepauka mbele ya kila dirisha pale watu walipokuwa wanasimama. Nimehesabu sehemu zilizopauka. Ni sita.

Wallahi sikuliona hilo nilipoandika yale maneno. Niliandika sita kwa sababu niliona matano.

#8 Mwanza_Usiku

Haya mimi natoka.

#9 Saikolojia_Mwaka_wa_3

Hapo #5 na #7 mmegusa penyewe. Kuna utafiti wa Alexander Diel na Michael Lewis, Chuo Kikuu cha Cardiff, uliochapishwa 2022. Waliuliza kama lile jambo la roboti inayokaribia kufanana na mtu mpaka inachukiza, ambalo Masahiro Mori wa Japani aliliandika mwaka 1970, lipo pia kwa majengo. Jibu lao ni kwamba lipo. Mahali panakuwa pa ajabu pale mpangilio unapokwenda kinyume kidogo na tulivyozoea, kwa mfano kitu kujirudia kupita kiasi, kukosekana, au kukaa pasipo pake. Kikikosekana kila kitu hupati kitu, unapata boksi tu.

Kwa hiyo picha ya 1 inatisha kwa sababu ya taa ya sita. Jicho lilihesabu kabla kichwa hakijahesabu. Maandishi yamekuja kulitaja kosa ambalo jicho lilikuwa limeshalishika. Picha ya 2 ni korido iliyonyooka, milango sawa, taa sawa, haina kosa. Maandishi yanapiga kelele, picha imekaa kimya.

#10 Kichwa_Ngumu_Igoma

@Sanduku_la_Picha nakubali ya kompyuta. Lakini bado 2019 ndipo picha ilipoonekana mara ya kwanza, si ndiyo?

#11 Sanduku_la_Picha

Hapana, ilikuwa imeshazunguka kabla ya hapo. 2019 ndipo ilipopata maneno. Na hilo ni jibu la nusu ya swali: picha ile ile, bila mstari, ilipita mitandaoni na hakuna aliyeshtuka sana.

@Saikolojia naheshimu utafiti, ila nina pingamizi. Chumba cha Oshkosh kina kosa gani la hesabu? Kuna kuta, zulia, taa. Watu wengi waliotishwa nayo hawakuweza kutaja kitu kimoja kilicho pasipo pake. Nadhani kazi kubwa inafanywa na *kusudi lililobaki bila wenyewe*. Mabenchi yanasubiri watu. Madirisha yanasubiri foleni. Chumba kisicho na kusudi, godauni kwa mfano, hakikusumbui kikiwa kitupu, maana utupu ndiyo hali yake mzigo ukitoka.

#12 Mpigapicha_Kirumba

Nije na upande wa kamera, kwa sababu mnaiacha.

Picha ya 2 imeharibiwa na simu kabla ya maandishi. Iko kwenye hali ya usiku ya otomatiki. Simu inapiga fremu kadhaa, inaziunganisha, inanyanyua giza na kulainisha kuta. Matokeo yake korido inang'aa mpaka mwisho, kila kona inaonekana. Hiyo ni picha ya dalali: "chumba masta kinapangishwa, maji ndani, luku yako". Hakuna anayeogopa tangazo la dalali. Labda kodi.

Picha ya 1 imepigwa kwa taa za ukumbi peke yake, rangi imeelemea njano na kijani kidogo. Hiyo njano si bahati. Simu ilikuwa imefungwa kwenye mizani ya rangi ya mwanga wa nje na taa za ukumbi ni za joto zaidi ya hapo, kwa hiyo kila cheupe kimekuwa kama karatasi ya zamani.

Anayetaka kuirudia kwa makusudi: ingia hali ya Pro. Kasi weka 1/50 au 1/100. Usiweke 1/60, kwa sababu taa zenye choki zinapwesa mara 100 kwa sekunde kama alivyosema Fundi, na kasi isiyogawanyika nazo sawasawa inaleta mistari mipana ya kiza inayokata picha. Mizani ya rangi iwe juu ya rangi ya taa zenyewe. Taa ikiwa ya kelvin 4000, weka 5500. Ukiweka chini yake unapata bluu, na bluu inaleta hospitali, ni hisia nyingine kabisa. Kamera ishike usawa wa macho, mita moja na nusu hivi. Ukiishusha chini kama filamu za kutisha, mtazamaji anajua kuna mtu anajaribu kumtisha, anajikinga mapema.

Kama huna taa, tumia fleshi ya simu, lakini elewa inachofanya. Ukuta ulio mita 8 unapata sehemu moja ya 16 ya mwanga unaoupata ukuta ulio mita 2. Karibu kunakuwa kweupe kabisa, mbali kunazama. Korido yako ya lojing ilihitaji hiyo.

Mwisho, ipunguze kwa ImageMagick. Kamera za mwaka 2002 zilitoa picha ndogo zenye chembechembe, na jicho limeshazoea kwamba picha mbovu namna hiyo ni ya kweli, haikupangwa:

```
magick korido.jpg -resize 640x480 -quality 40 korido_ndogo.jpg
```

Ukishusha ubora chini ya 25 inaanza kuwa vigae, mtu anaona uharibifu badala ya chumba.

#13 Mwanza_Usiku

Nimerudi. @Mpigapicha ahsante kwa ya 1/60, nilikuwa nadhani simu yangu imepasuka kioo cha ndani.

#14 Mwalimu_Pasiansi

Wanangu, mnasema "sehemu tupu" kana kwamba Kiswahili hakina maneno. Tupu ni nyingi. *Gofu* ni jengo lililobomoka, mna majani na popo. *Mahame* ni mahali watu walipohama, pana majivu na mwembe. *Ukiwa* ni kile kinachompata aliyebaki. Hakuna hata moja kati ya hayo kwenye picha hii. Kuta zima, taa zinawaka.

Neno la kigeni la hizi picha, *liminal*, linatoka Kilatini, *limen*, nacho ni kizingiti. Arnold van Gennep alilitumia mwaka 1909 kwa hatua ya katikati ya jando na miviga mingine, pale kijana ameshatoka utoto na hajaingia utu uzima. Yupo mlangoni. Baadaye Victor Turner akalikuza. Korido, ngazi, ukumbi wa kusubiria, vyote ni mahali ambapo mtu hakai, anapita.

Sasa tazama jengo la mleta uzi. Ni la nini? La *kivuko*. Neno letu linashika chombo, linashika na mahali pa kuvukia. Watu wa ziwa wanalo neno hilo siku zote. Ukumbi wa kivuko kisichovusha ni kizingiti cha nyumba isiyokuwepo. Wewe umesimama juu yake na namba 47 mkononi.

#15 dagaa_kauzu

Shikamoo Mwalimu. Hilo la kizingiti cha nyumba isiyokuwepo ungeniacha nilale kwanza.

#16 Mwalimu_Pasiansi

Marahaba. Lala mlango wazi.

#17 Sauti_ya_Kigongo

Nilijua tu! Ni Kigongo. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025 watu wanakatiza kwenda Busisi kwa gari, nani anangoja feri.

#18 Mtu_wa_Mwaloni

Si Kigongo. Nimesema sitaji.

#19 Mwana_Ukara

Niseme jambo na mnivumilie. Mimi hii picha hainichekeshi hata chembe. Mnacheka "namba 47" kwenye ukumbi wa tiketi za meli, ndani ya Mwanza. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996. MV Nyerere ilizama 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara. Mabenchi matupu ya kusubiria chombo, kwa mtu wa visiwani, yana majina. Mkiona utupu, wengine tunaona waliokuwa wamekaa.

#20 Mtu_wa_Mwaloni

Pole sana ndugu yangu. Sikulifikiria hilo, nakiri. Jengo hili halihusiani na vyombo hivyo, ila nimekuelewa. Ukitaka niiondoe nitaiondoa.

#21 Mwana_Ukara

Iache. Nimejibu swali lako la kwa nini inachekesha. Inachekesha wasiomdai mtu humo.

#22 Saikolojia_Mwaka_wa_3

Pole Mwana_Ukara. Na ulichosema kinakaa kwenye maelezo ya Peter McGraw na Caleb Warren ya mwaka 2010: kicheko huja pale jambo linapovunja utaratibu na papo hapo likaonekana halina madhara, yote mawili kwa pamoja. Likikosa uvunjaji linachosha. Likikosa usalama linaumiza. Dirisha la sita linavunja utaratibu, na kwa wengi halina madhara kwa sababu ni karatasi ya foleni tu, haimuui mtu. Kwako usalama haupo, kwa hiyo kimebaki kile kingine peke yake.

Inaeleza na picha ya 2. "Damu itamwagika" inaondoa usalama kwa maneno, lakini picha haina hatari yoyote. Hukupata kicheko wala hofu. Umepata bango la sinema.

#23 Sanduku_la_Picha

Hii ya McGraw na Warren inanipa shida moja. Inaeleza kucheka. Haielezi kwa nini baada ya kucheka hofu inabaki. Kichekesho cha kawaida kikishachekwa kimekwisha, hakikufuati chooni. Hii unacheka, unafunga simu, saa nane za usiku unahesabu madirisha.

#24 Mtumishi_Nyegezi

Mabwana, mnazunguka. Nyumba isiyokaliwa hukaliwa. Wazee walijua, ndiyo maana mtu haingii nyumba iliyofungwa miaka bila kubisha hodi na kuomba. Hofu mnayoiona ni roho ya mtu inatambua, kicheko ni kujitia ushujaa. Taa zinawaka kwenye jengo lisilotumika, bili analipa nani?

#25 Fundi_Choki

Bili ya mlinzi hiyo. Wameunganisha saketi ya ukumbi na kibanda chake, akiwasha yake zinawaka zote. Makosa ya kawaida sana.

#26 dagaa_kauzu

Mtumishi amepigwa na fundi umeme 😂😂 Namba 48 ajiandae.

#27 Mtumishi_Nyegezi

Cheka. Hodi uliibisha?

#28 Mpigapicha_Kirumba

Badala ya kubishana, nimefanya jaribio dogo. Mleta uzi samahani, nimechezea picha yako. Tatu hizi hapa, maandishi ni yale yale, "Namba 47, dirisha la 6":

A ni yako kama ilivyo.
B nimekata upande wa kulia, taa ya sita na ukuta wake havipo. Madirisha matano, taa tano.
C nimeacha taa ya sita lakini nimeweka mtu mmoja, amekaa benchi la nyuma, mgongo kwetu.

Semeni mnachoona, bila kunakiliana.

#29 Mwanza_Usiku

A inasisimua. B inachekesha tu, kama katuni ya gazetini kuhusu ofisi za serikali. C siipendi hata kidogo lakini sicheki.

#30 Kichwa_Ngumu_Igoma

C haitishi. Huyo ni namba 46, bado anasubiri, ni binadamu mwenzetu. B ndiyo inayonitisha zaidi! Kwenye A najua dirisha lilizibwa, kuna maelezo. Kwenye B dirisha la 6 halijawahi kuwepo, na bado wananiita.

#31 Saikolojia_Mwaka_wa_3

😅 Hiyo ya B inavunja nadharia yangu yote. Ngoja nifikirie.

#32 Sanduku_la_Picha

Kichwa Ngumu leo umesema neno. Na pale Oshkosh ilitokea kitu cha kufanana. Anwani ilipojulikana 2024, wapo walioona uchawi umeisha: ah, duka la vigari. Wengine waliona imezidi, kwamba lile chumba la kutisha lilikuwa juu ya duka miaka yote hiyo na watu walinunua betri humo. Maelezo yanamponya mmoja na kumzidishia mwingine. Mimi A na B zinanipata sawa.

#33 Mwalimu_Pasiansi

Kwangu mimi C ndiyo mbaya, na sababu ni ya lugha. Kwenye A, "namba 47" ni mimi ninayesoma. Ukimweka mtu, namba inakuwa yake, mimi nakuwa mtazamaji. Kinachotisha ni kuitwa. Angalia na maneno ya "damu itamwagika", damu ya nani? Haina mwenyewe. Sentensi fupi ya ofisi inakugeukia wewe moja kwa moja na wala haikusalimii.

#34 Mtu_wa_Mwaloni

Basi nimejaribu tena ile korido ya lojing. Fleshi kama alivyosema Mpigapicha, 640, ubora 40, mwisho wa korido umezama kabisa. Kuna ndoo moja ya maji nje ya mlango wa kwanza, nimeiacha. Maandishi matatu, chagueni:

"Mgeni wa chumba 9, maji yako ya moto yako tayari." (Milango inayoonekana ni minane.)

"Tafadhali rudisha ufunguo ulioukuta."

"Kutoka ni saa nne asubuhi. Sasa ni saa nne asubuhi."

#35 dagaa_kauzu

La tatu! Dirisha liko wapi hapo, giza lote hilo, saa nne ya asubuhi ya wapi.

#36 Mwanza_Usiku

La kwanza. Ndoo inafuka mvuke au ni macho yangu?

#37 Mpigapicha_Kirumba

Si mvuke, ni fleshi imegonga vumbi karibu na lenzi. Usiifute. Ila la kwanza ni dirisha la 6 limevaa nguo nyingine, ukilirudia mara ya tatu litakuwa formula na watu wataanza kuhesabu milango kabla ya kusoma. La pili mimi silielewi, ndiyo maana nalipigia kura.

#38 Mwana_Ukara

La pili. Hapo nimecheka.

#39 Saikolojia_Mwaka_wa_3

La tatu lina kosa la muda, la kwanza lina kosa la hesabu, la pili halina kosa lolote na bado limewashinda. Nitarudi.

#40 Fundi_Choki

Mtu_wa_Mwaloni, nimepita kwenye hilo jengo leo, nimelijua kwa ile taa yenye weusi, usiogope sitaji. Mlinzi amekubali niibadilishe. Nilipofungua ile ya sita kuangalia waya, ina swichi yake peke yake. Swichi iko upande wa pili wa ukuta.

#41 dagaa_kauzu

Na ilikuwa inawaka?

#42 Fundi_Choki

Inawaka. Choki yake ndiyo pekee haivumi.